Nilivyojibu hoja ya wakaguzi kuhusu mapato yanayochelewa kufika benki

Nafanya uhasibu kwenye kituo kidogo cha mafunzo chenye hosteli, hapa Dodoma. Barua ya wakaguzi kwa menejimenti ilipokuja ilikuwa na hoja kadhaa na siku 14 za kujibu. Iliyonipa kazi ni hii: mapato ya taslimu yanakaa siku kadhaa kabla ya kupelekwa benki, na sehemu yake inatumika kabla haijafika huko.

Jibu la kwanza linalokuja kichwani ni "Hoja imepokelewa, menejimenti itahakikisha mapato yanapelekwa benki kila siku." Nililiandika, kisha nikalifuta. Ahadi ya namna hiyo inavunjika wiki ya kwanza, na ukaguzi ujao hoja inarudi ikiwa na maneno "haijatekelezwa", ambayo mbele ya bodi ni mabaya kuliko hoja yenyewe.

Nikatafuta kwanza kwa nini keshia anagusa mapato. Nilichukua hati za malipo za miezi mitatu: gesi ya jikoni, mboga, bodaboda, fundi bomba. Wastani ulikuwa shilingi 52,000 kwa siku ya kazi. Petikashi yetu, fedha taslimu za matumizi madogo, ilikuwa 200,000, yaani haifiki siku nne. Kuijaza tena kulihitaji saini mbili za hundi, na mmoja wa watia saini yuko safarini mara nyingi, hivyo ilichukua hadi siku 8. Siku 8 mara 52,000 ni 416,000. Hata petikashi ikiwa imejaa siku ya kuomba, pengo ni 216,000, na pengo hilo lilizibwa na pesa za wageni wa hosteli. Kumpa keshia barua ya onyo kusingebadilisha hesabu hiyo.

Kwa hiyo hatua ziliandikwa kufuata chanzo: kuongeza mtia saini wa tatu, ili wawili wowote kati ya watatu watoshe na ujazaji uchukue siku 3; kupandisha petikashi hadi 500,000; na maombi ya kujaza kupelekwa ikibaki 200,000, kwa kuwa siku 3 zinakula 156,000.

Tarehe ndipo watu wengi wanapojifunga wenyewe. Benki haibadilishi watia saini bila muhtasari wa kikao cha bodi, na bodi yetu ilikuwa inakaa tarehe 24 Oktoba. Kuahidi 15 Oktoba kungekuwa uongo. Nikaandika 15 Novemba, kisha nikaongeza hatua ya mpito inayoanza mara moja, maana mkaguzi hakubali mwezi mzima ukiwa wazi. Hivi ndivyo ilivyosomeka:

"Menejimenti inakubali hoja. Kuanzia tarehe 1 Oktoba, mapato ya taslimu yatapelekwa benki yakiwa kamili siku ya kazi inayofuata. Hadi mtia saini wa tatu atakapoidhinishwa, ombi la kujaza petikashi litapelekwa mapema, iliyopo ikiwa bado 200,000 kamili, na matumizi yanayoweza kusubiri yatasubiri. Meneja atahesabu fedha kila jioni na kusaini daftari. Watia saini na kiwango kipya cha petikashi: 15 Novemba. Mhusika: Mhasibu."

Nimeandika "siku ya kazi inayofuata" kwa makusudi. Bunge likiwa linakaa, hosteli hujaa, na mapato ya Ijumaa jioni mpaka Jumapili hukaa kwenye sefu hadi Jumatatu. Ungeandika "kila siku", kila wikiendi ingekuwa kosa. Mhusika naye anatajwa kwa cheo, kwa sababu mtu anaweza kuhama kabla ya mkaguzi kurudi.

Palikuwa pia na upungufu wa 86,500 ambao wakaguzi waliukuta siku waliyohesabu fedha za keshia. Nilipata hati za 60,000 zilizosainiwa kabla ya siku hiyo ambazo hazikuwa zimeingizwa daftarini. Nikaambatisha nakala, nikakubali kwamba 26,500 hazina maelezo na zitarejeshwa na keshia. Hati yenye tarehe ya baada ya kuhesabu usiiambatishe kabisa. Inageuza upungufu kuwa shaka ya kughushi.

Wakaguzi walishauri pia tuajiri mtu mwingine ili anayepokea fedha asifanye usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha vitabu vyetu na taarifa ya benki. Bajeti yetu ilishaanza Julai bila nafasi hiyo, kwa hiyo sikuahidi kuajiri. Niliandika kwamba usuluhishi ninaufanya mimi, na meneja anachukua taarifa ya benki moja kwa moja kutoka tawini, si kupitia kwa keshia, na kuusaini kabla ya tarehe 10 ya kila mwezi.

Kuanzia 1 Oktoba kila siku ina kifurushi chake kwenye faili: ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya siku kutoka mashine ya risiti ya EFD, orodha ya malipo ya simu, na slipu ya benki. Jumla ya Z ukitoa malipo ya simu lazima iwe sawa na slipu, hadi shilingi ya mwisho. Zikitofautiana, meneja anaandika sababu juu ya slipu siku hiyohiyo na kusaini.