Siku moja na wasifu 19

Saa 2:30 asubuhi. Chai ya tangawizi mezani, wasifu 19 kwenye kompyuta, na sijafungua hata mmoja. Kwanza narudia tangazo letu la kazi: duka la samani hapa Dar es Salaam, matangazo ya kulipia kwenye Google na Instagram, shilingi milioni 6 kwa mwezi, lengo ni oda. Nachora safu tatu karatasini: njia, pesa, oda.

Saa 4:00. Karibu kila mtu ametaja kila mtandao uliopo duniani. Siangalii majina, naangalia vitenzi. "Kusimamia ukurasa" ni kuposti na kujibu maoni. Kuendesha matangazo ni kuamua nani alione, litumie kiasi gani kwa siku, na lipi lizimwe kesho. Kumi na mmoja nawaweka pembeni. Mmoja wao ana picha nzuri kiasi kwamba nilitaka kununua kitu, ila hajawahi kulipia tangazo.

Saa 7:00. Wali maharage.

Saa 8:00 mchana. "Nilisimamia bajeti ya milioni 96." Nakaa vizuri. Nashuka chini: miaka miwili, wateja wanne. Ukigawanya, ni milioni 4 kwa mwezi, yaani milioni moja kwa kila mteja. Si aibu, bajeti ndogo humfunza mtu kubana. Lakini kwetu atapewa mara sita ya hizo, na pesa ikiongezwa ghafla, walio karibu kununua huisha mapema. Tangazo huanza kuwafuata wasio na haja, na kila oda inapanda bei. Kama ameshakutana na hilo, wasifu wake hausemi. Namwekea alama ya kuuliza.

Saa 9:30. "Mauzo yalipanda kwa asilimia 300." Kutoka ngapi? Oda 5 zikiwa 20, ni asilimia hiyohiyo. Hajasema, napita.

Saa 10:00. Huyu ameandika mstari mmoja: duka la vyombo, milioni 4.5 kwa mwezi, Google na Instagram, oda 180. Ni shilingi 25,000 kwa oda. Sisi oda ya kawaida hutuachia kama 60,000 kabla ya gharama ya tangazo, kwa hiyo hesabu inasimama. Kinachonisumbua ni hiyo 180, maana kila mtandao hujihesabia: mteja aliyebofya Instagram jana na Google leo huonekana kote kuwili. Nampigia.

"Samahani kaka, hizo oda 180 ulizihesabuje?"

"Google ilisema 110, Instagram 130, dada. Ila tulikuwa tunamuuliza kila mteja wakati wa kuagiza ametujulia wapi. Waliotaja tangazo walikuwa 180, ndiyo nikaandika hiyo."

"Alhamisi saa 4 asubuhi una nafasi?"