Bart Bado Ana Miaka Kumi

Jumapili usiku, Mombasa

Mwanangu alitimiza miaka kumi mwezi uliopita, na tangu siku hiyo amekuwa akinikumbusha kwamba sasa yeye na Bart Simpson ni marika. Jana jioni, tukiwa tumekaa sebuleni tukitazama The Simpsons, akanigeukia na kuniuliza, "Baba, ulipokuwa mdogo Bart alikuwa na miaka mingapi?" Nikamwambia alikuwa na kumi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayeona haki haijatendeka, "Sasa kwa nini hawamwachi akue?" Nilimjibu kwa haraka kwamba katuni ndivyo zilivyo, lakini jibu hilo halikuniridhisha hata mimi mwenyewe, na leo nimeshinda nikilitafakari swali lake.

Familia ya Simpson ilionekana kwenye televisheni ya Marekani kwa mara ya kwanza tarehe 19 Aprili 1987, katika vipande vifupi vilivyopachikwa ndani ya kipindi cha mchekeshaji Tracey Ullman. Tarehe 17 Desemba 1989 ikapata kipindi chake chenyewe cha nusu saa. Tangu hapo zimetengenezwa sehemu zaidi ya 750, na katika muda wote huo Bart amekuwa na miaka kumi, Lisa minane, na Maggie mmoja, akiwa bado ananyonya chuchu yake ya mpira. Krismasi zimepita kwa makumi katika nyumba ile, lakini hakuna hata moja iliyomwongezea mtoto mwaka.

Sababu inayotajwa kwanza na watu wengi ni kwamba mchoro hauzeeki. Ni kweli, ila sababu hiyo haitoshi, kwa kuwa mhusika wa katuni ana sauti, na sauti hutoka katika koo la binadamu. Katuni za televisheni za Charlie Brown, zilizoanza mwaka 1965, zilitumia watoto halisi kuwasemea wahusika watoto, na kila sauti zao zilipobadilika ilibidi watafutwe wengine. Watengenezaji wa The Simpsons walifuata njia tofauti. Nancy Cartwright alikwenda kujaribiwa kwa nafasi ya Lisa, akavutiwa zaidi na maelezo ya Bart, akaomba kuisoma nafasi hiyo, na Matt Groening, mbunifu wa katuni hiyo, akampa kazi palepale. Alikuwa mwanamke wa miaka 29. Mvulana halisi angebaleghe na kuvunja sauti katika miaka michache, lakini mwanamke mzima anayeigiza sauti ya mvulana anaweza kuishikilia kwa miongo. Uamuzi huo mdogo ndio uliofungua mlango wa utoto usio na mwisho. Na uamuzi huohuo ulifanya kumkuza Bart kuwe na gharama, kwa sababu Bart wa miaka 18 angehitaji sauti nyingine, na watazamaji wangempoteza mtu waliyemzoea.

Sababu ya pili niliiishi kabla ya kuielewa. Katika miaka ya tisini mjomba wangu, aliyekuwa akifanya kazi melini, alikuwa akituletea kanda za video zilizorekodiwa huko alikopita, na sehemu za katuni hii zilikuwa zimechanganyika humo bila mpango wowote. Tulitazama ya msimu wa tano, kisha ya msimu wa pili, kisha ya nne, na hatukuwahi kupotea. Niligundua nikiwa mtu mzima kwamba hilo halikuwa bahati. Vichekesho vya aina hii Marekani hupata sehemu kubwa ya faida yake katika marudio, pale vituo mbalimbali vinaponunua fungu la sehemu na kuzirusha jioni za siku za kazi. Mtazamaji wa marudio huingia popote. Akimkuta Bart wa kidato Jumatatu na Bart wa chekechea Jumanne, itabidi aelezwe, na anayehitaji maelezo kabla ya kucheka huenda akabadilisha kituo. Kwa hiyo kila sehemu hufungwa ikiacha nyumba kama ilivyoikuta: kazi mpya ya Homer, baba wa familia, imekwisha, pesa alizozipata zimepotea, na familia imerudi kwenye kochi.

Lakini sababu ninayoiona nzito kuliko zote imo ndani ya kichekesho chenyewe. Mchukueni Lisa. Anachekesha na kugusa moyo kwa sababu ana miaka minane na anajua mambo ambayo baba yake hayajui, wala hana uwezo wa kuondoka katika nyumba hiyo. Mpeni miaka 18 naye atakuwa msichana mwenye akili anayekwenda chuo kikuu, jambo zuri, lakini ule mvutano baina ya elimu yake na unyonge wake utakuwa umekwisha. Bart vilevile. Mtoto wa darasa la nne anayempigia simu mwenye baa na kumtania tunamsamehe, ila kijana wa miaka 17 mwenye tabia hiyohiyo tungeanza kumwogopea, na pengine kumwogopa. Umri wao ni sehemu ya mtambo wa kichekesho, na ukiubadilisha itakubidi uujenge upya mtambo mzima.

Hapo ndipo ningeishia, kama si jambo moja ambalo limenikaa moyoni leo, nalo ni kwamba muda ukizuiwa kuwagusa watoto haukubali kuondoka. Hutafuta pengine pa kupita.

Pa kwanza ni ujana wa wazazi. Tarehe 31 Januari 1991 ilirushwa sehemu inayosimulia jinsi Homer na Marge walivyokutana, nayo ilisema waziwazi kwamba ulikuwa mwaka 1974, wakiwa wanamaliza sekondari. Hesabu ilikubali: aliyekuwa na miaka 18 hivi mwaka 1974 alikuwa amefika 35 mwaka 1991, na Homer siku zote ametajwa kuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, pengine arobaini. Lakini kadiri miaka halisi ilivyosogea bila Homer kusogea, tarehe ile ikawa deni. Ilipofika mwaka 2008, mwanafunzi yule wa 1974 alipaswa kuwa na miaka 52, na bado alikuwa na mtoto mchanga. Waandishi wakaamua kulilipa deni. Tarehe 27 Januari 2008 walirusha sehemu iliyouhamisha ujana wa Homer na Marge hadi miaka ya tisini, na Homer akawa mwanamuziki wa bendi ya rock ya wakati huo.

Watazamaji wengi wa zamani waliichukia sehemu hiyo, na nawaelewa. Miaka ya tisini ndiyo miaka ambayo tulikuwa tukimtazama Homer akiwa tayari baba wa watoto watatu, na sasa tuliambiwa kwamba katika miaka hiyohiyo alikuwa kijana asiye na mtoto. Hata hivyo, kihesabu hawakuwa na njia nyingine. Nimekaa na kalamu leo nikapiga hesabu yangu mwenyewe: Homer akiwa na miaka 38 katika mwaka 2025, basi amezaliwa mwaka 1987, yaani mwaka uleule alioonekana kwenye televisheni kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima mwenye kipara.

Babu yao, Abe, ana taabu kubwa zaidi, maana historia yake imefungwa kwenye Vita vya Pili vya Dunia, na vita hivyo haviwezi kusogezwa. Askari aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1944 alikuwa na 65 katuni ilipoanza, umri unaomfaa kabisa babu wa mtoto wa miaka kumi. Mwaka 2025 angekuwa na 101, naye angekuwa amempata Homer huyu wa 38 akiwa na miaka 63. Hivyo ndivyo mtazamaji anavyoweza kutambua mahali katuni ya namna hii inapoanza kuchanika: asiwaangalie watoto, atafute tukio la historia lenye tarehe, kisha ahesabu. Baba yangu alikuwa hakosi kusoma Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo, na Juha naye hakuzeeka, lakini sikumbuki kumwona akifungwa kwenye mwaka wowote kwa namna hiyo, wala hakuwa na sauti ya mtu aliyeajiriwa kumsemea.

Maana sauti ndipo pa pili muda unapopita, na hapa mambo yanauma. Marcia Wallace, aliyekuwa sauti ya mwalimu wa Bart, Bi. Krabappel, alifariki Oktoba 2013. Watengenezaji hawakutafuta mtu wa kumwiga; walimwondoa mwalimu pamoja naye, na katika sehemu iliyofuata Bart aliandika ubaoni mara moja tu kwamba watamkosa sana. Mwalimu huyo alikuwa ameolewa na jirani yao Ned Flanders, ambaye alikwisha kufiwa na mke wa kwanza katika sehemu ya mwaka 2000, hivyo Ned akawa mjane kwa mara ya pili. Nimeona hapa kanuni ambayo sikuwa nimeitambua utotoni: katika mji ule siku za kuzaliwa hazihesabiki, ila vifo huweza kubaki. Mwaka 2024 Pamela Hayden, aliyemsemea Milhouse, rafiki wa Bart, kwa miaka 35, alistaafu na kazi yake ikapewa mwingine. Mtoto wa miaka kumi alibaki na umri wake, lakini sauti yake ikaenda kupumzika. Na nikimsikiliza Marge wa sasa baada ya Marge wa zile kanda za mjomba, nasikia wazi jinsi sauti ya Julie Kavner, aliyezaliwa mwaka 1950, ilivyokuwa nzito na ya kukwaruza zaidi.

Ipo katuni nyingine ya Kimarekani, King of the Hill, iliyothubutu kufanya alichotaka mwanangu. Ilirushwa kuanzia 1997 hadi 2010, na iliporudi Agosti 2025 Bobby, aliyekuwa mtoto, alikuwa kijana wa miaka 21 anayefanya kazi ya upishi, akisemewa na Pamela Adlon yuleyule. Nimeipenda, ila nimeona pia kwamba iliweza kuruka miaka hiyo kwa sababu ilikuwa imekaa kimya kwa miaka 15. The Simpsons haijawahi kunyamaza, na Bart hajapata mapumziko ya kukulia.

Nilimweleza mwanangu sehemu ya haya kabla hajalala, hasa habari ya mama mwenye sauti ya mvulana, ambayo alikataa kuiamini mpaka nilipomwonyesha video ya Nancy Cartwright akizungumza. Aliitazama mara tatu. Kisha akahesabu kwa vidole na kuniambia kwamba mwakani atakuwa amempita Bart, na kwamba akifika sekondari atamwona kama mdogo wake. Nikamwambia mimi nilimpita zamani, na siku hizi ninapoitazama namwangalia zaidi Homer. "Kwani naye umempita?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, miaka michache iliyopita.