Jibu Sahihi, Sababu Siyo: Nilivyotunga Swali la Ngazi Mbili Kuhusu Mkondo wa Umeme

Nafundisha fizikia kidato cha pili. Kwa miaka kadhaa swali langu la balbu mbili lilikuwa la kuwabeba wanafunzi: balbu mbili za aina moja zimeunganishwa mfululizo kwenye betri, ipi inang'aa zaidi? Wengi walichagua "zote sawa", wanapata alama yao, mimi nafurahi, tunasonga mbele kwenye mada inayofuata.

Siku moja nikiwa nasahihisha madaftari mlangoni mwa darasa, nikasikia binti aliyepata swali lile akimwelekeza mwenzake aliyekosa. "Zinawaka sawa kwa sababu umeme unagawana. Hii inakula nusu, na hii nyingine inamalizia nusu." Mwenzake akatikisa kichwa, ameelewa. Nikabaki na kalamu hewani. Mkondo katika saketi ya mfululizo hauliwi na balbu yoyote. Unaotoka kwenye betri ndio unaorudi. Yule binti alikuwa na jibu sahihi lililokaa juu ya wazo ambalo lingemwangusha kwenye kila swali la mbele, na swali langu lilikuwa limempa vema.

Ndipo nilipoanza kutunga maswali ya ngazi mbili. Sehemu ya kwanza inauliza kitakachotokea, sehemu ya pili inauliza sababu ya jibu ulilochagua, nayo pia ni ya kuchagua. Mwanafunzi hapati alama mpaka apate zote mbili. Utaratibu huu ulielezwa hatua kwa hatua mwaka 1988 na David Treagust wa Chuo Kikuu cha Curtin, Australia. Kiini chake ni kwamba vipotoshi vya sehemu ya pili, yaani machaguo yasiyo sahihi, huvitungi kichwani mwako. Unavitoa vinywani mwa wanafunzi.

Mimi niliruka hatua hiyo mara ya kwanza. Nilikaa mezani jioni moja nikajitungia sababu nne, tatu kati yake za kipuuzi kiasi kwamba hata asiyesoma angezikwepa. Moja ilisema waya mrefu hupunguza mwanga. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeichagua. Karibu darasa zima lilipata, nami nilikuwa nimerudi palepale.

Mara ya pili nilifanya inavyotakiwa. Nikaandika ubaoni sehemu ya kwanza peke yake, na chini yake nikaacha mistari mitatu mitupu: "Kwa nini umechagua hivyo?" Niliruhusu waandike kwa Kiswahili. Hapa pana jambo. Sekondari tunafundisha fizikia kwa Kiingereza, na mtoto akilazimika kueleza sababu kwa Kiingereza anakuandikia sentensi aliyokariri kwenye notisi. Kwa Kiswahili aliniandikia anachokiamini. "Ya kwanza inakula umeme mwingi ndiyo maana ya pili inafifia." "Umeme unatoka huku na huku unakutana katikati." "Kila balbu inachukua haki yake." Karatasi arobaini na kitu nilizimwaga mezani nikazipanga kwa mafungu, kila wazo fungu lake. Yalitoka mafungu manne makubwa, na vijikaratasi vichache visivyo na kwao.

Nikiwa napanga ndipo nikaelewa wazo la kuliwa linakotoka. Nyumbani friji "inakula umeme", pasi "inakula umeme", na yuniti za LUKU "zinaisha". Mtoto amesikia hivyo tangu anatambaa. Kinachonunuliwa na kuisha ni nishati, lakini lugha yetu ya kila siku inaita nishati, mkondo na volteji kwa jina moja: umeme.

Jina hilo moja ndilo lililoniangusha kwenye rasimu iliyofuata. Moja ya sababu niliiandika: "Umeme unagawanyika nusu kwa nusu kati ya balbu mbili." Nilikusudia iwe kipotoshi, kwa ajili ya wale wenye wazo la yule binti. Nikaijaribu kwenye darasa la pili, kisha nikawaita wanafunzi sita, mmoja mmoja, wanieleze walivyosoma kila chaguo. Kijana mmoja aliyechagua sababu hiyo akaniuliza, "Lakini madam, betri mbili si volti 3? Si kila balbu inapata moja na nusu?" Alikuwa sahihi kabisa. Volteji inagawanyika nusu kwa nusu pale. Mimi ndiye niliyekuwa nimempa kosa mtu aliyeelewa. Bila mazungumzo yale ya dakika tano tano ningeendelea kumhesabu miongoni mwa waliopotoka.

Nikalifuta neno "umeme" kwenye swali zima. Badala yake nikachora amita tatu za kupima mkondo: X kati ya ncha chanya ya betri na balbu K, Y kati ya K na L, na Z kati ya L na ncha hasi. Kila sababu ikaeleza amita zitasoma nini. Namba haina utata wa neno. Swali likawa hivi:

Balbu K na L ni za aina moja. Swichi ikifungwa:
A. K itang'aa zaidi. B. L itang'aa zaidi. C. Zitang'aa sawa.

Sababu ya jibu langu:
(a) Amita zote tatu zitasoma sawa. Mkondo unaopita kwenye balbu moja ndio unaopita kwenye nyingine.
(b) Y itasoma nusu ya X, na Z itasoma sifuri. Kila balbu inatumia nusu ya mkondo.
(c) Balbu inayofikiwa kwanza na mkondo inatumia sehemu kubwa; amita iliyo baada yake itasoma kidogo.
(d) X na Z zitasoma sawa na Y itasoma sifuri. Kila balbu inapata mkondo kutoka ncha ya betri iliyo karibu nayo.
(e) Sababu nyingine (andika): ........

Angalia (c). Awali niliandika "balbu K inatumia sehemu kubwa". Kwa maneno hayo mwanafunzi anayesita akisoma sababu anarudi juu kuchagua A, yaani sababu inamtajia jibu. Pia kuna wachache waliosoma kwamba elektroni hutoka ncha hasi. Kwao balbu ya kwanza ni L, na wazo lao la kuliwa ni lilelile. "Inayofikiwa kwanza" inawabeba wote. Na (b), (d) na (a) zote zinaweza kukufikisha kwenye C. Hapo ndipo penye uzito wa swali zima: jibu moja sahihi lenye njia tatu, mbili kati yake za uongo.

Urefu nao ulinisumbua kidogo. Waalimu tuna tabia ya kulipamba jibu sahihi kwa maelezo, na watoto wanalijua hilo; wakikwama wanachagua refu. Nikapunguza (a) mpaka ikawa fupi kuliko (d).

Tatizo jingine ni kurudi nyuma. Zikiwa kwenye karatasi moja, mtu anasoma sababu, anapata akili, anafuta jibu la kwanza. Niligawa karatasi mbili. Ya kwanza inajibiwa kwa kalamu ya wino, inakusanywa, ndipo inatolewa ya pili ikiwa na mchoro uleule. Inakula dakika nne zaidi, basi. Siku ambazo karatasi ni chache nasoma sababu kwa sauti baada ya kukusanya majibu.

Nikalipeleka kwa wanafunzi 46. Kwenye C walikuwa 33. Kwa swali langu la zamani ningeandika 33 kwenye daftari la maendeleo na kwenda kunywa chai. Kati ya hao 33, waliochagua (a) walikuwa 12 tu. Waliochagua (b) walikuwa 15, (d) wanne, na wawili waliandika yao. Kwenye A walikuwa 11, tisa kati yao wakiwa na (c). Wawili walichagua B na (c), wale wa elektroni.

Wakabaki wawili wa ajabu: A pamoja na (a). Sababu sahihi, jibu limekosewa. Nilidhani wamebahatisha, maana kwa machaguo matatu juu na manne yaliyoandikwa chini, anayebahatisha tu ana nafasi moja kati ya 12 ya kupata yote mawili, na wengine lazima wapate nusu. Nikawaita. Mmoja akaniwekea kidole kwenye mchoro: "K si umeichora kubwa?" Kweli, mkono wangu uliteleza, duara la K lilikuwa limezidi. Tangu siku hiyo naichora kwa kuzungushia kizibo cha soda.

Idadi ya (b) ndiyo iliyoamua kipindi kilichofuata. Kama wengi wangekuwa (c), kuwasha balbu mbili mbele yao kungetosha, maana wangeona hakuna inayofifia. Lakini mtu wa (b) akiona zinawaka sawa anashangilia: si nilisema? Kwake jaribio la balbu halina maana. Yeye anahitaji kuiona Z ikisoma kitu kisicho sifuri.

Tukafunga saketi kwa betri mbili kubwa za tochi na balbu mbili za volti 2.5. Balbu zikaniaibisha mara moja: moja ikang'aa zaidi. Balbu za bei rahisi hata zikiandikwa sawa hazilingani. Watu wa (c) wakaanza kuchekelea nyuma. Nikazibadilisha nafasi, na ile angavu ikabaki angavu hata ilipokuwa ya pili, wakanyamaza. Siku hizi nazijaribu nne tano nyumbani na kubeba pacha.

Amita ya shule inayofanya kazi ilikuwa moja, tukaihamisha: X, kisha Y, kisha Z. Sindano ikasimama palepale mara tatu. Kijana mmoja wa (b) akasema amita imekwama. Nikamwambia afungue swichi. Sindano ikarudi sifuri. Akaifunga na kuifungua mara nne hivi, mwenyewe, bila kusema kitu.

Wiki mbili baadaye niliwapa swali hilohilo kwa balbu tatu. Wa (b) walibaki watatu. Lakini yule kijana aliyechezea swichi hakuwa amemaliza. Alinifuata ofisini. "Shikamoo madam. Kama mkondo wote unarudi, LUKU nyumbani inahesabu nini?"

Hilo nimelifanya sehemu ya kwanza ya swali la pili. Kwa sasa nakusanya sababu.