Fyuzi ya ampea 3 kwenye ekstensheni ya wageni

Mfungo Sita nyumba yetu ya Langoni, Lamu, hujaa. Wageni wa Maulidi huja kutoka Pate, Mombasa na Tanga, na sebule ya chini hutandikwa magodoro kutoka mlangoni hadi ukuta wa ndani. Kila mmoja ana simu, wengine wana mbili. Chumba chenyewe kina soketi pacha moja tu. Nyumba ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zina unene wa kama dhiraa moja, na mamangu hataki plasta ya wazee ichimbwe kupitisha waya. Kwa hiyo ekstensheni hatuwezi kuikwepa, na mimi ndiye ninayesimamia umeme wa chumba hicho.

Watu wengi huogopa wingi wa chaja. Wakiona plagi zimebanana kwenye ekstensheni wanasema itaungua. Mimi huanza kwa kusoma vibandiko vya vyombo, kwa sababu idadi ya plagi peke yake haikwambii kitu. Kila chombo kimeandikwa wati zake. Ikiwa zimeandikwa ampea tu, zidisha kwa 240, ambazo ndizo volti za umeme wetu wa nyumbani. Chumba chetu kilikuwa hivi: feni mbili za wati 55 kila moja, televisheni ya wati 70, ruta ya wati 10, na chaja 15 ambazo nilizikadiria wati 10 kila moja. Jumla ni wati 340. Gawanya kwa 240 upate ampea 1.4. Huo ni mzigo mdogo sana kwa ekstensheni nzima.

Sasa weka pasi ya kanzu ya wati 1,800 na birika la umeme la wati 2,000. Vyombo viwili hivyo peke yake ni wati 3,800, karibu ampea 16, na ukiongeza vile vya kwanza unapita ampea 17. Plagi ya ekstensheni ina mwisho wa ampea 13. Hatari ya chumba kile basi ilikuwa pasi na birika, wala si zile simu zote.

Mtu atasema fyuzi ya 13 iliyomo kwenye plagi itakatika. Hapa ndipo wengi wanapojiamini bure. Fyuzi hizi za plagi zimetengenezwa zistahimili mzigo uliozidi kiasi, kwa hiyo ya 13 inaweza kupitisha ampea 17 au hata 20 kwa zaidi ya nusu saa bila kukatika. Muda wote huo waya na vishikizo vya ndani vinaendelea kupata moto. Breka ya ukutani nayo haisaidii, kwa kuwa ya soketi huwa ya ampea 20 au 32.

Niliuliza fundi wa stima wa mtaani kwetu nifanyeje, maana siwezi kukaa nikilinda ekstensheni usiku kucha. Akaniambia, "Mzigo wako ni ampea moja na nusu, fyuzi ya 13 ya nini? Tia ya 3."

Fyuzi za ampea 3 zina umbo lilelile, zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme kwa bei ndogo, na wengi wetu tunazo kwenye plagi za taa za meza. Nilizima swichi ya ukutani, nikachomoa plagi, nikaifungua kwa bisibisi, nikabadilisha. Ampea 3 ni wati 720, zaidi ya mara mbili ya mzigo wa feni, televisheni na simu. Lakini mtu akichomeka birika, ampea zaidi ya 8 zitapita kwenye fyuzi ya 3, na hiyo haidumu. Friji sikuiweka hapo. Mota yake ikiwaka huvuta umeme mwingi kwa mpigo na ingeweza kuikata fyuzi bila sababu, kwa hiyo inabaki kwenye soketi yake ya jikoni. Birika nalo liko jikoni, na pasi inachomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani ya ukumbini, ambako kanzu zilipigwa pasi kwa zamu kabla ya sala ya Ijumaa.

Ami yangu wa Pate huamka kabla ya alfajiri kunywa chai. Hakutaka kuwaruka waliolala mpaka jikoni, akalileta birika sebuleni na kulichomeka. Feni zikasimama, naye akaja kunigongea.

"Mwanangu, stima imekatika?"

"Stima ipo, ami. Ni fyuzi ya ekstensheni. Lete birika nikuchemshie jikoni."

Nilikuwa na fyuzi nyingine za 3 kwenye kopo, feni zikarudi mara moja. Kopo hilo ni la lazima, kwa sababu mtu akikosa fyuzi huikunja karatasi ya sigara ya kung'aa na kuiweka mahali pake, na hapo hakuna kinachokatika tena, ila waya.

Waya wenyewe nao usomwe. Kwenye ganda huwa pameandikwa unene wake: 3 × 1.25 au 3 × 1.5 milimita mraba ndiyo ya kubeba ampea 13. Nyingi za bei rahisi ni 0.75, ambayo ni ya ampea 6 hivi, hata kama plagi imepigwa chapa ya 13. Tarakimu hiyo inahusu plagi. Niliinyoosha yetu yote badala ya kuiacha imeviringishwa, nikaipitisha kando ya ukuta, si chini ya mkeka wala godoro, maana hapo joto halina pa kutokea na nyayo huukata waya ndani bila kuonekana. Ile sehemu yake yenye matundu niliiweka juu kwenye kidaka, mbali na glasi za maji na magodoro. Na sikuchomeka ekstensheni ya pili ndani yake, kwa sababu mizigo yote ya ile ya pili ingepita kwenye plagi ileile ya kwanza.

Jambo ambalo fyuzi ya 3 haiwezi kulitibu ni tundu lililolegea. Lamu upepo una chumvi, na shaba ya ndani ya soketi huota ukijani. Kishikizo kikilegea, umeme hupita kwenye sehemu ndogo tu ya chuma, na hapo ndipo panapochemka. Utaitambua kwa rangi ya kahawia kuzunguka tundu, mlio wa kutatarika ukiitikisa plagi, au plagi inayoingia kirahisi mno. Harufu yake hufanana na ya samaki, na katika mji wetu harufu hiyo haimshtui mtu, kwa hiyo usipoona samaki karibu, inusie soketi. Mimi hupima hivi: baada ya nusu saa ya kupiga pasi huzima ukutani, nachomoa, kisha naweka mgongo wa kidole kwenye meno ya plagi. Uvuguvugu si neno. Yakiwa moto hadi kidole hakikai, soketi hiyo imekwisha.

Ekstensheni mbili za zamani nilizikuta na matundu ya kahawia, tena ni zile za matundu ya kupokea plagi za kila nchi, ambazo haziyabani meno yetu matatu vizuri. Nilizikata plagi kwa koleo kabla ya kuzitupa, ili asije mtoto wa jirani akaziokota na kuzitumia.