Mradi wa taka hapa Wete: nimeanza na mboji

Asalam aleikum wadau, naandika nlipofikia. Wazo la mwanzo lilikuwa chupa za plastiki, lakini chupa nyepesi na zinajaza nafasi, bila ya mashine ya kuzigandamiza unakuwa unasafirisha hewa tu, na mnunuzi yuko ng'ambo ya bahari kwa hivo nauli ya boti inakula faida yote. Mkaa wa vifuu nao mzuri ila unataka pipa la kuchomea, kinu cha kusagia, uji wa muhogo wa kushikishia na kalibu, basi nikauacha kwa sasa. Mboji inataka uma, ndoo, turubai na mtu wa gari la ng'ombe, na wanunuzi ni hawa hawa wapanda mchicha na wenye vitalu vya mikarafuu.

Taka za sokoni napewa bure. Bi mkubwa mmoja anaeuza ndizi kaniambia "mwanangu, chukua, ila uje kabla ya adhuhuri, nzi wananitoa roho". Nachukua maganda na mboga zilooza, vichwa vya samaki sichukui kabisa maana vinaita paka na panya.

Kazi yenyewe iko kwenye kuchanganya. Kila ndoo moja ya taka mbichi natia ndoo mbili tatu za kavu, majani makavu ya migomba niliyoyakata kata na majani ya miembe, napanga tabaka kwa tabaka mpaka lundo lifike mita moja kila upande, likiwa dogo zaidi ya hapo halishiki joto. Makumbi ya nazi nayaweka pembeni, yanachelewa mno kuoza.

Kujua kama linafanya kazi nachoma kijiti mpaka katikati, baada ya siku mbili tatu nkikichomoa kinatakiwa kiwe na moto mkononi, moto huo ndo unaua mbegu za magugu. Unyevu napima kwa kukamua konzi moja, ishikane lakini maji yasichirizike. Likinuka uvundo jua hewa haipiti, limelowa sana, hapo nageuza na kuongeza kavu. Likiwa baridi na kavu namwagia maji huku nageuza. Kawaida nageuza kila wiki, na mvua za masika hizi turubai ndo kila kitu, bila yake virutubisho vyote vinashuka na maji.

Jengine la kujua kabla hujapiga hesabu za magunia, lundo linapungua kama nusu, na linataka miezi miwili mitatu hivi, kwa hivo uwe na malundo kadhaa yanayofuatana ndo uuze mfululizo.

La kwanza lishakuwa jeusi, linanukia udongo na halipati joto tena hata nkiligeuza. Kabla sijamuuzia mtu napanda mbegu za mchicha kwenye kopo la mboji nlochanganya na udongo, na kopo jengine la udongo mtupu, zikiota sawa nauza, zikidumaa au majani yakawa manjano basi bado haijaiva, narudishia turubai nisubiri.