Nilivyoweka samani kwenye picha ya chumba kitupu, kuta zikabaki zilezile

Mama mwenye nyumba aliichukua simu yangu, akaikuza picha kwa vidole viwili, kisha akaniuliza taratibu, "Mwanangu, dirisha hili la tatu umelitoa wapi?"

Nilikosa la kusema. Chumba chake kina madirisha mawili, na mimi mwenyewe ndiye niliyekipiga picha. Aliniomba nimsaidie kuweka samani pichani, kwa kuwa waliokuwa wakitafuta nyumba waliona chumba kitupu wakashindwa kukadiria kama kochi litaingia. Niliipakia picha kwenye programu ya akili mnemba inayohariri picha, nikaandika: "Kibadilishe chumba hiki kiwe sebule ya kisasa, yenye mwanga na mvuto." Ilirudi picha nzuri ya kuvutia, ila ya chumba kingine. Kuta za rangi ya maziwa zilikuwa za kijivu, vigae vya sakafuni vimekuwa mbao, nondo za madirisha hazipo, soketi imeyeyuka, na dirisha moja limezaliwa.

Niliumia, maana mtu angefunga safari kuja kuona chumba ambacho hakipo. Nikaamua kutotuma chochote mpaka nijue kosa liko wapi.

Kosa la kwanza lilikuwa namna nilivyoifikiria kazi yenyewe. Nilidhani programu inachukua picha yangu na kubandika kochi juu yake, kama mtu anavyobandika stika. Nyingi ya programu hizi hazifanyi hivyo. Huichora picha yote upya, kila pikseli, zikitumia yako kama mwongozo. Hata ukuta unaoonekana haujaguswa umechorwa upya, ila umechorwa kwa kufanana. Kwa hiyo kila jambo usilolitaja linaachwa mikononi mwa programu, nayo hulijaza kwa mazoea ya picha nyingi ilizojifunza.

Kosa la pili lilikuwa maneno. "Kibadilishe chumba" ni ruhusa ya kubadilisha chumba. "Ya kisasa" niliikusudia kwa samani, lakini kwenye sentensi imeshikamana na sebule yote, basi ikamwagikia kuta na sakafu. "Yenye mwanga" ndiyo iliyoleta dirisha la tatu, naamini hivyo, kwa sababu nilipoliondoa neno hilo peke yake dirisha halikurudi tena.

Nikakaa na picha ya asili, nikaiangalia kama fundi anayekagua nyumba kabla ya kukabidhiwa funguo. Nikaandika kila kilichomo: mlango uko wapi, madirisha yana nini, soketi iko wapi, na doa la maji lililo chini ya dirisha la kushoto. Doa hilo nililitaja kwa makusudi. Programu hizi hupenda kusafisha, na ukilinyamazia doa, ukuta utarudi umepakwa rangi mpya.

Maelekezo yaliyonifaa yalikuwa haya:

```
Ongeza samani tu kwenye picha hii. Usibadilishe kitu kingine.
Vibaki kama vilivyo: kuta za rangi ya maziwa, doa chini ya
dirisha la kushoto, madirisha mawili yenye nondo nyeupe,
vigae vya kahawia vya mraba, soketi moja chini ya dirisha
la kulia, mlango wa mbao upande wa kushoto, dari nyeupe.
Kamera ibaki palepale. Picha isikatwe wala kuvutwa.
Weka: kochi la kijivu la watu watatu kwenye ukuta wa kulia,
lenye urefu wa vigae vitano; meza ndogo ya mbao mbele yake;
zulia dogo chini ya meza.
Mwanga unatoka kwenye madirisha ya ukuta wa mbele; vivuli
vya samani vielekee kwenye kamera.
Usiweke mapazia, taa, mimea wala picha za ukutani.
```

Utaona sifa zote zimefungwa kwenye samani: kochi ni la kijivu, meza ni ya mbao. Chumba hakina sifa hata moja, kina orodha ya vilivyomo tu. Na kusema "usibadilishe" peke yake nilishajaribu, hakukutosha. Kilichosaidia ni kukitaja kitu kwa jina na mahali pake. Ukisema "madirisha mawili yenye nondo nyeupe" unaipa programu kitu cha kuchora, lakini ukisema "usiguse madirisha" bado hujaiambia madirisha hayo yakoje.

Mstari wa mwisho nao ulitokana na majeraha. Bila ule mstari, kila jaribio lilikuja na mapazia, na pazia hufunika ukingo wa dirisha, hivyo huwezi tena kujua kama dirisha limepanuliwa. Mimea mirefu ilikaa kwenye kona, palepale kuta zinapokutana. Kona iliyofichwa siwezi kuikagua, kwa hiyo mapazia na mimea nilivikataa.

Suala la vigae vitano linahitaji maelezo kidogo, maana ndilo lililonifungua macho zaidi. Katika jaribio mojawapo kila kitu kilionekana sawa: kuta, nondo, doa. Lakini chumba kilionekana kikubwa, kama ukumbi. Nikahesabu vigae pembeni ya kochi, kutoka mguu wake wa karibu hadi mguu wa mbali. Vilikuwa vitatu. Kigae cha chumba kile kina sentimita 40 kila upande, nimekipima kwa futi kamba, kwa hiyo kochi la watu watatu lilikuwa na sentimita 120! Kochi la namna hiyo kwa kawaida hukaribia mita mbili. Programu haikuwa imegusa ukuta hata kidogo, ila imechora samani za kitoto, na chumba kikatanuka machoni bila tofali kusogea. Huo nao ni uongo, na ni mbaya kuliko dirisha la tatu kwa sababu mtazamaji hawezi kuukamata.

Tangu siku hiyo vigae ndiyo rula yangu. Huhesabiwa palepale samani iliposimama, kwani vya karibu na kamera huonekana vikubwa na vya mbali huonekana vidogo. Kama sakafu ni ya saruji tupu, natumia mlango: mlango wa kawaida una kimo cha takribani mita mbili, na kalio la kochi huwa karibu sentimita 45 kutoka sakafuni, yaani chini kidogo ya robo ya mlango. Hapo pia ni lazima ukumbuke umbali, usilinganishe kochi la mbele na mlango wa nyuma. Programu haitii idadi ya vigae kila mara. Ilinibidi nirudie maelekezo yaleyale mara kadhaa, nikaichukua ile iliyofika vigae vitano kasoro kidogo.

Mambo mawili zaidi yalinipotezea muda. Picha ya simu yangu ina uwiano wa 4:3, na programu ilinirudishia ya mraba, pembeni kumekatwa. Hapo hakuna kulinganisha tena, kwa sababu hakuna kinachoangukia mahali pake. Sasa nachagua uwiano uleule wa picha ya asili kabla ya kutuma, na kama programu haiutoi, naikata picha ya asili mwenyewe kwanza. La pili: nilipotaka kubadili rangi ya kochi nilikuwa naihariri picha iliyokwisha kuhaririwa. Kufikia mzunguko wa tatu kuta zilikuwa na umanjano na nondo zimevimba kama nta. Kila uhariri ni uchoraji mpya wa picha nzima, na makosa hujilimbikiza. Sasa nikitaka kubadili jambo, nabadili maelekezo na kuanza upya na picha ya asili.

Baada ya kupata picha niliyoiridhia, sikuyaamini macho yangu tu. Niliifungua picha ya asili kwenye GIMP, programu ya kompyuta ya kuhariri picha, nikaiweka iliyopambwa juu yake kwa `Open as Layers`, nikahakikisha zinalingana ukubwa, kisha hali ya tabaka la juu nikaifanya `Difference`. Palipo sawasawa panakuwa peusi, na palipobadilika panang'aa. Kochi, meza na zulia viliwaka kama nilivyotarajia, pamoja na vivuli vyake. Ukutani kulikuwa na ukungu hafifu, ambao ni wa kawaida kwa ukuta uliochorwa upya. Lakini kuzunguka dirisha la kulia kulikuwa na mistari miwili miwili iliyong'aa, na hiyo ndiyo dalili ya kitu kilichosogea. Fremu ilikuwa imehama kidogo sana, na soketi chini yake ilikuwa na matundu yasiyo yake.

Mistari miwili miwili ikiwa picha nzima, naitupa picha, maana kamera imehama. Ikiwa sehemu moja tu, kama ilivyokuwa, kuna dawa. Nilirudisha hali ya tabaka kuwa `Normal`, nikaliwekea kifuniko kwa `Add Layer Mask`, nikachagua `Black (full transparency)`. Picha iliyopambwa ikatoweka yote, kikabaki chumba kitupu cha asili. Kisha nikachukua brashi nyeupe yenye kingo laini, nikapaka juu ya kochi, meza na zulia tu, vikajitokeza kimoja kimoja. Kwa njia hii kuta, madirisha na soketi si vilivyochorwa kwa kufanana, ni vyenyewe, pikseli kwa pikseli, kutoka kwenye picha niliyoipiga.

Sehemu ngumu ilikuwa vivuli. Mara ya kwanza nilipaka samani bila vivuli vyake, kochi likaelea kama boti. Nikarudi na brashi pana, nimeipunguza nguvu hadi karibu nusu, nikapitisha chini na mbele ya kochi mpaka kivuli kikaungana na vigae bila mstari. Mistari ya vigae ndiyo inayokufichulia kama umekosea: ikikatika au ikipinda pale picha mbili zinapokutana, umepaka mbali mno. Zulia, kwa bahati, lilifunika sehemu kubwa ya makutano hayo.

Nilimpelekea mama picha mbili pamoja, ya chumba kitupu na yenye samani. Akahesabu madirisha kwanza, kisha akatafuta doa akaliona. "Hiki sasa ni chumba changu," alisema. Chini ya picha ya pili nilikuwa nimeandika: "Samani zimewekwa kwa kompyuta. Chumba kinapangishwa kikiwa kitupu." Akaisogeza simu karibu na macho, akaniomba niyakuze maandishi hayo kwa sababu kwenye simu yake hayasomeki. Nikayakuza palepale, nikamtumia tena.