Nyanya za kukausha kwenye oveni: punguzeni moto jamani

Kama kuna ushauri mmoja natamani ungepigwa marufuku Dar nzima ni ule wa "ongeza moto zikauke haraka". Mimi nimeusikia kwa jirani yangu, fundi mzuri wa keki, heshima zake anazo, lakini kwenye nyanya alinipoteza kabisa. Nilikuwa nimechukua nyanya za kutosha maana ule msimu zilikuwa zimeshuka bei mpaka wauzaji wanakuongezea bila kuombwa, nikamwambia nataka nizikaushe niweke za kipindi zile zinapanda. Akasema, "Shoga, weka mia na hamsini, masaa mawili tu ushamaliza, utakesha na oveni kwa ajili ya nyanya?"

Basi tukaweka mia na hamsini. Na kwa macho zilipendeza, tena sana! Zimejikunja, kingo zimekuwa nyekundu ya damu ya mzee, ukigusa juu kavu kabisa. Nikazijaza kwenye chupa, nikafunga, nikaanza kuwaonyesha wageni. Siku ya pili mfuniko kwa ndani una matone kama sufuria ya wali, siku chache mbele nafungua nakutana na harufu ya pombe ya kienyeji na manyoya meupe yameota humo. Zote zikaenda jalalani. Kilichotokea ni kwamba moto mkali unakausha ngozi ya juu haraka kuliko maji ya ndani yanavyoweza kutoka, ile ngozi inakuwa gamba, maji yanabaki yamefungiwa. Ukikata kipande katikati unaona kabisa, nje kama ngozi ya kiatu na ndani bado rojorojo. Nilivyompelekea akaone akaniambia labda nyanya zenyewe zilikuwa mbovu. Haya.

Mama mdogo wangu wa Dodoma yeye akacheka, akasema hayo ya oveni ni mambo ya watu wenye hela za kuchezea, si uanike juani tu kama tunavyoanika mlenda. Mama, Dodoma jua lenu ni kavu. Hapa kwetu jua linachoma ni kweli lakini hewa imejaa maji ya bahari, nguo zenyewe zina siku hazikauki, ndo itakuwa nyanya? Na nzi je.

Sasa kilichofanya kazi. Nyanya kazi yake si kuiva, ni kutoa maji, na karibu yote ni maji, zaidi ya asilimia tisini. Kwa hiyo unataka joto dogo, nyuzi 60 mpaka 70 hivi, na njia ya ule mvuke kutokea. Hiyo ya pili ndo watu wanaisahau. Wanapunguza moto halafu wanafunga mlango, nyanya zinakaa kwenye mvuke wao wenyewe mchana kutwa kama ziko sauna.

Oveni yangu ni ya umeme, swichi yake inaanzia 50, ila msiamini namba za swichi. Nilinunua kipimajoto kile cha kuning'iniza ndani, cha Kariakoo, bei ya chipsi kuku tu, nikakuta nikiweka 50 mlango ukiwa umefungwa chenyewe kinasoma 80 na ushee! Nikachukua mwiko wa ugali nikauchomeka mlangoni kwa juu, mlango ukabaki wazi kama upana wa vidole vinne, kikashuka mpaka 65. Halafu hapa ndo najipigia makofi mwenyewe: nikaleta feni ya mezani, nikaiweka kwenye stuli pembeni ya oveni, spidi ya chini, inapuliza kukatiza ule uwazi. Usiielekeze ndani moja kwa moja joto litakimbia lote. Inafagia mvuke unaotoka, na ukiweka mkono pale unausikia kabisa unyevunyevu ukipita, masaa ya mwanzo hasa. Watu wakiingia jikoni wanauliza kwani oveni inasikia joto? Nawaambia ndiyo, imebanwa na kifua.

Wenye oveni ya gesi, hii ya feni msijaribu. Upepo unaweza kuuzima moto gesi ikaendelea kutoka, na hata hivyo nyingi moto wake wa chini kabisa bado ni mkali mno kwa kukausha. Na kama una mtoto anayetambaa, mlango wazi mchana kutwa ni wa kuulinda kwa macho.

Nyanya chagua zile ndefu zenye nyama, zile za duara zenye maji mengi utalipia umeme wa kukausha maji. Zikate nne kwa urefu, toa mbegu na ule ute wake kwa kidole (usitupe, mimi naweka kwenye mchuzi wa mchana), nyunyiza chumvi kidogo, panga juu ya wavu wa kupozea keki ngozi ikiwa chini, zisigusane. Wavu, sio trei tupu, maana kwenye trei chini zinalowa na kunata. Nilianza saa moja asubuhi, katikati nikageuza wavu wa juu ukaenda chini, na ile saa kumi na moja jioni nyingi zilikuwa tayari. Nyingi, sio zote. Zile nene zilikaa mpaka usiku, unatoa zilizokauka unaziacha wenzake. Kilo tatu zilinipa chini ya robo kilo, mume wangu akauliza nyingine ziko wapi.

Utajuaje zimekauka? Toa kipande, acha kipoe kwanza, maana kikiwa cha moto kila kitu ni laini kinakudanganya. Kikipoa kikunje, kiwe kama zabibu kavu ya kutafuna, kisinate kwenye vidole, halafu kichane ubonyeze pale kilipochanika. Ukiona hata umajimaji kidogo, rudisha. Kama zimegeuka kahawia kuelekea weusi, joto lilikuwa kubwa.

Ukitaka za kuvunjika kama krispi, kata duara nyembamba, unene kama sarafu mbili, joto lilelile, kama masaa saba au nane, halafu zima uziache zipoe humohumo ndani. Ila hizo ukizitoa zifungie hapohapo! Mimi niliacha sahani moja mezani usiku, asubuhi zimelegea zote, hewa ya Dar haina huruma. Mwenye kinu cha umeme azisage, unga wake kwenye maharage ni balaa.

Za kutafuna usizijaze chupa mpaka juu. Acha nafasi, funga, tikisa kila siku kama wiki moja hivi, ile iliyobaki na unyevu inagawana na wenzake. Ukiona hata tone moja kwenye kioo, zote zirudi oveni. Umeme ulinila kama elfu mbili na kitu, sikupima vizuri kwa sababu na pasi ilikuwa inafanya kazi, lakini kachupa ka kununua supamaketi nikikumbuka bei yake naona niko sawa.

Na wale wanaopenda kuzilowesha kwenye mafuta na vitunguu saumu vibichi, tengeneza kidogo, weka friji, mle ndani ya siku chache. Usiache kabatini hata kama inapendeza, ile sumu ya botulizimu inapenda sana saumu iliyozama kwenye mafuta, na haitoi harufu ya kukushtua kama ile chupa yangu ya pombe.